Amelala, ameoga, amekunywa kahawa, na kipimo bado kinasoma pombe: uchambuzi wa kisa kimoja

Dereva wa lori, mwanamume wa miaka 41 mwenye uzito wa kilo 75, alikunywa bia 6 za nusu lita kati ya saa 1 jioni na saa 6 usiku. Bia zilikuwa za kawaida, za asilimia 5. Tangu mlo wa mchana hakuwa amekula kitu cha maana. Saa 6 usiku alilala, saa 11 alfajiri akaamka, akaoga maji baridi, akanywa vikombe viwili vya kahawa isiyo na sukari pamoja na karibu lita moja ya maji, na saa 12 asubuhi akawa kazini tayari kuchukua ufunguo wa gari. Hapo kuna utaratibu wa kila dereva kupuliza kipima pombe kabla ya kukabidhiwa gari. Akapuliza, kikasoma miligramu 0.31 kwa lita moja ya pumzi.

"Sista, hicho kipimo kina tatizo. Mimi nimelala, sijagusa pombe tangu saa 6 usiku."

"Kaka, nakuamini kwamba umelala. Kaa hapo kwenye benchi. Baada ya robo saa tunarudia, halafu saa 1 tunapima tena."

Kisa hiki nimekiandika kwa namba za mtu wa wastani ili kila hatua iweze kukokotolewa, lakini watu wanaofanya kazi ya kupima madereva alfajiri watamtambua mara moja. Dereva huyu si mwongo. Anajisikia vizuri, hapepesuki, anaongea vizuri, na ndiyo maana anabisha kwa dhati. Jambo asilolijua ni kwamba usiku kucha ini lake lilikuwa kazini kwa kasi ileile, na kwamba hakuna hata kimoja kati ya alivyovifanya alfajiri ile kilichobadilisha kasi hiyo.

Kipimo cha pili, robo saa baadaye, kilitoa 0.30. Marudio hayo yana sababu yake. Kama mtu ametoka kusukutua kwa dawa ya mdomo yenye pombe, au amecheua, kipima pumzi kinaweza kusoma pombe iliyobaki mdomoni wala si ile inayotoka kwenye damu kupitia mapafu. Pombe ya mdomoni hupotea ndani ya dakika 15 hivi na namba huporomoka ghafla. Namba ya dereva wetu ilishuka kidogo tu, kwa hiyo pombe ilikuwa ya damuni.

Tuanze na kiasi alichokunywa. Nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina mililita 25 za ethanoli. Ethanoli ni nyepesi kuliko maji, mililita moja ina uzito wa gramu 0.79, hivyo kila chupa ina gramu 20 kasoro kidogo. Chupa 6 ni kama gramu 118. Ethanoli haisagwi tumboni kama chakula. Sehemu ndogo hupenya ukuta wa tumbo na kubwa zaidi hupenya utumbo mwembamba, kisha husambaa popote penye maji mwilini. Haiingii vizuri kwenye mafuta wala mifupa. Msweden Erik Widmark, aliyefanya kazi hii Lund miaka ya 1920 na 1930, ndiye aliyetupa njia rahisi ya kukokotoa jambo hili: unazidisha uzito wa mtu kwa namba inayowakilisha sehemu ya mwili inayopokea pombe, ambayo kwa wanaume ni kama 0.68 na kwa wanawake kama 0.55. Kwa dereva wetu, kilo 75 mara 0.68 ni 51. Ukigawanya gramu 118 kwa 51 unapata 2.3. Maana yake, kama angezimeza bia zote kwa mkupuo na ini lisifanye lolote, damu yake ingekuwa na gramu 2.3 za ethanoli kwa lita.

Ini halikukaa bure, bila shaka. Kwa mtu wa wastani hupunguza gramu 0.15 hivi kwa lita ya damu kila saa. Kutoka saa 1 jioni hadi saa 12 asubuhi ni muda wa saa 11, na 11 mara 0.15 ni 1.65. Toa hiyo kwenye 2.3, inabaki gramu 0.65 kwa lita. Kipima pumzi huchukulia kwamba lita 2,100 za pumzi zina pombe sawa na lita moja ya damu, kwa hiyo gramu 0.65 za damuni huonekana kama miligramu 0.31 kwenye pumzi. Ndiyo namba iliyoonekana. Kipimo hakikuwa na tatizo.

Sasa turudi usiku, ndani ya ini, maana huko ndiko kisa kilikoamuliwa.

Damu yote inayotoka utumboni hupitia ini kabla ya kufika kwingine. Ethanoli ni molekuli ndogo isiyohitaji mlango maalumu, hupenya ukuta wa seli yenyewe. Ndani ya seli, kwenye ule ute unaokizunguka kiini, inakutana na kimeng'enya kiitwacho alkoholi dehidrojenasi, kwa kifupi ADH. Katikati yake kuna chembe ya zinki inayoishika ethanoli mahali pake wakati hidrojeni zinapotolewa. Lakini ADH haiwezi kutoa hidrojeni bila kuwa na pa kuziweka. Inahitaji mpokeaji, molekuli inayoitwa NAD+, ambayo ikishapokea hugeuka kuwa NADH. Ethanoli iliyopokonywa hidrojeni inakuwa asetaldehidi:

CH3CH2OH + NAD+ → CH3CHO + NADH + H+

Asetaldehidi ni sumu kali kuliko ethanoli yenyewe. Hushikamana na protini za seli, hufanya uso uwe mwekundu na wa moto, moyo uende mbio na kichefuchefu kipande. Kwa bahati nzuri, kwa watu wengi haikai. Inaingia mitokondria, vile vijumba vya kuzalisha nishati ndani ya seli, ambako kimeng'enya cha pili, aldehidi dehidrojenasi ya aina inayoandikwa ALDH2, kinaikamata hata ikiwa kidogo sana na kuigeuza asetati, kwa kutumia NAD+ nyingine. Asetati ni kitu kilekile kinachoipa siki ukali wake. Nyingi hutoka kwenye ini, huingia damuni, na misuli, moyo na ubongo huichoma hadi ikawa kaboni dioksaidi na maji.

Kwa hiyo safari ni ethanoli, asetaldehidi, asetati, halafu maji na hewa. Hatua ya pili ni ya haraka na ya tatu inafanyika nje ya ini. Inayojikokota ni hatua ya kwanza, na ndiyo inayotuhusu.

Sababu moja ya kujikokota huko inaeleweka kwa urahisi. ADH ina kiu kubwa sana ya ethanoli. Inapofika kiasi kidogo tu damuni, kama gramu 0.1 au 0.2 kwa lita, karibu kila molekuli ya kimeng'enya kwenye ini tayari imeshika ethanoli na inafanya kazi kwa uwezo wake wote. Ukiongeza pombe mara tano au mara kumi juu ya hapo, hakuna ADH iliyokaa bure ya kuipokea. Dawa nyingi hazifanyi hivi. Dawa nyingi, zikiwa nyingi damuni, huondolewa kwa kasi zaidi, na zikipungua huondolewa polepole, ndiyo maana tunazungumza kuhusu muda wa dawa kupungua nusu. Kwa pombe maneno hayo hayafai. Dereva wetu akiwa na gramu 1.5 kwa lita saa 6 usiku, alipoteza 0.15 kwa saa; akiwa na gramu 0.65 alfajiri, alipoteza 0.15 ileile. Ukichora mstari wa pombe damuni dhidi ya muda, unashuka kama umepigwa rula.

Sababu nyingine iko ndani zaidi, na nadhani ndiyo inayostahili kueleweka kuliko zote. ADH ikishamaliza kazi kwa molekuli moja ya ethanoli, NADH iliyotengenezwa inabaki imekaa kwenye kimeng'enya na inachelewa kubanduka. Kubanduka huko ndiyo sehemu ya polepole kuliko zote katika mzunguko wake. Na ikishabanduka, lazima ivuliwe hidrojeni zake ili irudi kuwa NAD+ na kutumika upya. Seli haina akiba kubwa ya NAD+. Inategemea kuitumia ileile mara nyingi, kama ndoo chache za kisimani: aliyeteka hawezi kuteka tena mpaka amwage ndoo yake. Na pa kumwagia ni mahali pamoja tu, mitokondria, kwenye mnyororo wa vimeng'enya ambako hidrojeni hukutana na oksijeni ikawa maji. NADH ya nje ya mitokondria haiwezi hata kuingia yenyewe. Hidrojeni zake hupitishwa kwa kubebeshwa molekuli nyingine zinazozungukazunguka kwenye utando.

Tufanye hesabu ya oksijeni, maana inaonyesha ukubwa wa kazi hii. Ini la dereva wetu huondoa gramu 7.6 hivi za ethanoli kwa saa, ambazo ni kama moli 0.166. Kila molekuli ya ethanoli hadi kufika asetati hutoa NADH mbili, na kila NADH huhitaji nusu ya molekuli ya oksijeni ili irudi NAD+. Kwa hiyo tunahitaji moli 0.166 za oksijeni kwa saa, sawa na lita 3.7, au mililita 60 hivi kila dakika. Mwili mzima wa mtu mzima aliyepumzika hutumia kama mililita 250 kwa dakika, na fungu la ini ni kama moja ya tano, mililita 50 na kitu. Ukiiangalia namba hiyo vizuri utaona kwamba kuchoma ethanoli peke yake kungetosha kumaliza oksijeni yote ambayo ini kwa kawaida hutumia kwa shughuli zake zote. Mtu akinywa, ini hutumia oksijeni zaidi kidogo, na kwa sehemu kubwa huweka kando kazi nyingine. Hata mafuta ambayo lingeyachoma usiku ule hubaki bila kuchomwa, na huo ndio mwanzo wa mafuta kujikusanya kwenye ini la mnywaji.

Msomaji anaweza kuuliza: kama shida ni oksijeni, si avute hewa zaidi? Damu inayotoka mapafuni tayari imejaa oksijeni karibu kabisa. Na hata ikiongezeka, mitokondria haziunguzi hidrojeni kwa sababu tu hidrojeni zipo. Huunguza kadiri seli inavyotumia nishati. Nishati isipotumika, mnyororo unajifunga wenyewe na NADH inasubiri kwenye foleni. Katika majaribio ya maabara kwenye ini la panya, breki hiyo imewahi kufunguliwa kwa kemikali ya dinitrofenoli, inayofanya mitokondria ziunguze bila kutengeneza nishati, na ethanoli ikaondoka upesi zaidi. Ni kemikali ileile iliyouzwa miaka ya 1930 kama dawa ya kupunguza unene, ikaua watu kwa joto la mwili lisiloweza kushushwa. Kulikimbiza ini kwa njia hiyo ni kuuchoma mwili wenyewe.

Tuchukue sasa vitu ambavyo dereva alivitegemea. Kulala hakukulipunguza ini kasi wala kuliongeza. Kulimpa muda wa saa 5 tu, na saa 5 ni gramu 0.75 kwa lita. Kahawa huzuia ishara ya uchovu kwenye ubongo, kwa hiyo inamwondolea usingizi na kumwachia pombe yote aliyokuwa nayo. Mimi naiona kuwa hatari kuliko kutokunywa kitu, kwa sababu mtu aliyelewa na kusinzia hujua hafai kuendesha, ila aliyelewa akiwa macho hujiona mzima. Maji baridi huishia kwenye ngozi.

Maji ya kunywa yanahitaji maelezo kidogo, maana imani yake ni kubwa: kunywa maji mengi, ukojoe sana, pombe itoke. Pombe kweli hutoka kwenye mkojo, na kiwango chake huko huwa juu kidogo kuliko cha damuni, mara 1.3 hivi. Damu ikiwa na gramu 0.65 kwa lita, lita nzima ya mkojo itabeba gramu 0.85. Ini huondoa kiasi hicho kwa dakika 7. Lita moja ya mkojo, dakika 7. Ukijumlisha mkojo, pumzi na jasho, vyote kwa pamoja huondoa asilimia 2 hadi 10 tu ya pombe iliyonywewa, iliyobaki yote ni mzigo wa ini. Maji yanamsaidia mtu mwenye kiu na kichwa kinachogonga, na kwa hilo anywe.

Kutapika nako husaidia tu kabla pombe haijatoka tumboni. Angetapika saa 6 usiku angepunguza sehemu ya chupa ya mwisho. Alfajiri tumbo halina pombe tena.

Kuna njia zinazofanya kazi kweli, na zote zinathibitisha hoja hii kwa sababu zinalikwepa ini. Mashine ya kusafisha damu inayotumiwa kwa wagonjwa wa figo huivuta ethanoli nje ya damu, na madaktari huitumia pale sumu inapotishia maisha. Na mwaka 2020 watafiti wa Toronto walionyesha kwamba mtu akipumua haraka na kwa kina, huku akirudishiwa kaboni dioksaidi kwa kiasi kilichopimwa ili asizimie, pombe huondoka kupitia mapafu pamoja na ini kwa kasi ya mara tatu hivi. Inahitaji kifaa na usimamizi. Mtu akijaribu kuhema hivyo peke yake atapata kizunguzungu na ganzi ya vidole kabla hajapata nafuu.

Saa 1 asubuhi dereva alipuliza tena: 0.24. Saa 2: 0.17. Katikati ya vipimo alikunywa kikombe cha tatu cha kahawa na kutembea uani huku na huko. Mteremko ulibaki 0.07 kila saa, ambao ukiubadilisha kuwa wa damu ni 0.15. Saa 1 alikuwa amefika kwenye gramu 0.5 hivi kwa lita, kiwango ambacho nchi nyingi huweka kwa madereva wa kawaida, lakini kwa madereva wa magari makubwa mara nyingi kanuni ni kali zaidi, na kazini kwake ilikuwa sifuri.

Vipimo viwili au vitatu vya namna hii vina thamani kuliko hesabu yangu yote ya juu, na nieleze kwa nini. Ile 0.15 ni wastani. Watu wenye afya huangukia kati ya 0.10 na 0.20. Mweke dereva huyuhuyu, na bia zilezile, kwenye 0.20: saa 12 asubuhi angekuwa na gramu 0.1 tu kwa lita. Mweke kwenye 0.10 na angekuwa na 1.2, amelewa hasa. Watu wawili waliokunywa meza moja na kulala wakati mmoja wanaweza kuamka wakiwa mbali kiasi hicho, na hakuna anayeweza kujua ini lake liko wapi kwa kujisikiliza. Mwanamke wa kilo 60 akinywa bia zilezile ataanzia kwenye gramu 3.6 kwa lita, kwa sababu mwili wake una maji machache ya kuzimua pombe, na atahitaji muda wa zaidi ya saa 20 kumaliza, hata kama ini lake ni zima kama la mwanamume yeyote.

Mnywaji wa kila siku anaweza kuwa juu ya hapo, hadi 0.25 au 0.30 na kupita. Hapo ndipo wengine hujisifu kwamba ini lao limezoea. Limefanya jambo moja: limeongeza njia ya pembeni, kimeng'enya kiitwacho CYP2E1, ambacho kwa mtu asiyekunywa sana kina mchango mdogo na huamka pombe inapokuwa nyingi. Njia hii haihitaji NAD+, lakini hula oksijeni moja kwa moja na kuachia chembe kali zinazojeruhi seli. Kimeng'enya hichohicho hugeuza sehemu ya parasetamoli kuwa sumu, kwa hiyo mnywaji wa kila siku anayemeza vidonge vingi vya parasetamoli kutuliza kichwa anaweza kuliharibu ini kwa dozi ambayo mwingine angeivumilia. Kasi hiyo imenunuliwa kwa gharama. Na ini likishakomaa kwa makovu, kasi yenyewe hupungua.

Kuna anayeweza kusema basi itafutwe dawa ya kuongeza ADH. Maumbile yameshafanya jaribio hilo. Wako watu waliozaliwa na ADH ya aina ya haraka, na sehemu kubwa ya watu wa Asia Mashariki wana ALDH2 isiyofanya kazi vizuri. Mtu mwenye vyote viwili akinywa bia moja, asetaldehidi hujaa kuliko inavyotolewa: uso unawaka, moyo unadunda, anatapika. Dawa ya disulfiramu, wanayopewa wanaotaka kuacha pombe, huleta hali hiyo makusudi kwa kuifunga hatua ya pili. Polepole ya hatua ya kwanza ndiyo inayomkinga mtu dhidi ya sumu ya hatua ya pili.

Muda mfupi baada ya saa 2, kisa kikachukua sura nyingine. Dereva alianza kutokwa jasho jembamba, mikono ikatetemeka, akawa anajibu kwa kuchelewa. Mtu mwingine angesema pombe inamzidi, ilhali pombe ilikuwa inashuka. Sista alimchoma kidole akapima sukari: milimoli 3.2 kwa lita. Chini ya 3.9 ni pungufu.

Hii haikuwa ajali ya pembeni. Alikuwa na njaa tangu mchana wa jana. Mtu asipokula, ini hulisha damu kwa sukari iliyohifadhiwa, na akiba hiyo ikipungua hutengeneza sukari mpya kutokana na laktati na masalia ya protini. Kazi hiyo ya kutengeneza inahitaji NAD+, na usiku mzima NAD+ za seli zilikuwa zimegeuzwa NADH na ethanoli. NADH ikizidi, malighafi za sukari husukumwa kinyume: badala ya laktati kuwa piruvati na kuendelea kuwa sukari, piruvati hurudishwa kuwa laktati. Kwa hiyo foleni ileile inayofanya pombe isiondoke upesi ndiyo inayoifunga njia ya sukari. Kwa watoto waliomeza pombe kwa bahati mbaya jambo hili ni la hatari sana, maana akiba yao ni ndogo; na kwa mtu mzima aliyekunywa bila kula, kuchanganyikiwa asubuhi kusichukuliwe kuwa ulevi mpaka sukari ipimwe. Naliweka wazi kwa sababu watu hufa wakiwa wameachwa walale ulevi uishe, kumbe kilichokwisha ni sukari.

Alipewa kinywaji chenye sukari, halafu mkate. Dakika 15 baadaye sukari ilisoma 5.1, mikono ikatulia, akaanza kuongea kama kawaida. Saa 3 alipuliza tena: 0.10. Chakula huweza kuongeza kasi ya ini kidogo kwa kuongeza damu inayopita humo, ila katika muda wa saa moja mteremko wake haukuonyesha tofauti yoyote.

"Kwa hiyo Sista, saa 4 na nusu nitakuwa safi?" Alikuwa ameshapiga hesabu mwenyewe: 0.10, kila saa 0.07.

Kwa mstari ulionyooka, hesabu yake ni sahihi. Saa 4 kipimo kilisoma 0.04, saa 4 na nusu kikasoma 0.02, na ilikuwa saa 5 kamili kilipotoa 0.00. Alicheleweshwa na sehemu ya mwisho ya mteremko. Pombe ikishuka chini ya gramu 0.1 au 0.2 kwa lita ya damu, haitoshi tena kuijaza ADH yote. Baadhi ya molekuli za kimeng'enya hukaa tupu zikisubiri, kasi inapungua pamoja na pombe yenyewe, na mstari unapinda ukawa mkia mrefu. Ni hapo tu, mwishoni kabisa, ndipo ethanoli huondolewa kama dawa nyingine. Anayepanga muda wake kwa rula lazima aongeze muda wa mkia huo juu ya hesabu yake.